Kahawa ya Punje na Kahawa Iliyosagwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Muda Inaodumu Baada ya Kufungua Pakiti

Kwa kifupi, kila moja hudumu muda gani baada ya pakiti kufunguliwa?

Chukua jiko la kawaida lenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na kahawa iliyowekwa kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na jua. Kahawa ya punje iliyokaangwa karibuni itakuwa katika ubora wake kwa wiki 2 hadi 3 tangu kufunguliwa. Baada ya hapo harufu inaanza kupungua, lakini mpaka wiki ya 5 bado inanyweka vizuri.

Kahawa iliyosagwa ina siku 3 hadi 7 za ubora. Ikifika wiki 2 utakunywa kitu cheusi, kichungu, chenye harufu hafifu. Ikiwa imesagwa laini sana, kama ile ya kahawa chungu ya vikombe vidogo, hesabu siku 2 hadi 4.

Hizi si tarehe za kuharibika. Siku ya 8 kahawa iliyosagwa haigeuki sumu. Ni vipimo vya ladha, na husogea mbele au nyuma kulingana na ukaangaji, joto, unyevu na mara ngapi unafungua chombo.

Kwa nini kusaga kunaipunguzia kahawa maisha kiasi hicho?

Punje iliyokaangwa imejaa vijumba vidogo vidogo visivyohesabika, na ndani ya vijumba hivyo ndimo zilimofungwa hewa za harufu, mafuta, na kaboni dioksaidi iliyozaliwa wakati wa kukaanga. Kuta za vijumba hivyo ni ngumu. Oksijeni ikitaka kuingia inabidi ipenye polepole kutoka nje kwenda ndani, na harufu ikitaka kutoka inabidi ipite njia hiyo hiyo ndefu. Ukisaga, unazivunja kuta hizo zote kwa sekunde chache.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa jambo. Tuseme punje moja ni tufe lenye kipenyo cha milimita 6. Ukiisaga kwa kiwango cha kati, kile cha kuchujia kwa karatasi, kila chembe itakuwa na kipenyo cha takriban milimita 0.75, yaani moja ya nane ya punje. Kutoka kwenye punje moja utapata chembe 512, na eneo lote linaloguswa na hewa litakuwa mara 8 ya lile la mwanzo. Ukisaga kwa ajili ya espreso, karibu milimita 0.3, eneo hilo linakuwa mara 20. Ukisaga kuwa vumbi la milimita 0.1, linakuwa mara 60. Na hii ni hesabu ya ngozi ya nje tu. Haijagusa vijumba vilivyopasuliwa ndani ya kila chembe, ambavyo sasa viko wazi navyo.

Kwa hiyo kahawa iliyosagwa inapata oksijeni ile ile, unyevu ule ule na joto lile lile, ila inavipokea kwa eneo kubwa zaidi na kwa njia fupi zaidi. Kinachochukua wiki kwenye punje kinachukua siku kwenye unga.

Kaboni dioksaidi ina kazi gani hapa?

Ni mlinzi ambaye wengi hawamjui. Punje ikitoka kwenye kikaango inaendelea kutoa hewa hiyo kwa siku nyingi, kwa kasi kubwa siku za kwanza kisha polepole kwa wiki kadhaa. Muda wote huo hewa inasukuma kutoka ndani kwenda nje, na oksijeni inapata shida kuingia kinyume na mkondo. Ndani ya chombo kilichofungwa, kaboni dioksaidi pia inajaza sehemu ya nafasi ambayo ingeshikwa na hewa ya kawaida.

Ukisaga, sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka ndani ya dakika chache, na kwa saga laini inatoka hata kwa kasi zaidi. Ile harufu nzito inayojaa jiko unaposaga ni kahawa inayokwenda zake: umeifurahia puani, lakini haitakuwepo kikombeni usipoipika upesi. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza wa kila mpishi wa kahawa ni kusaga kiasi cha kikao kimoja na kuipika ndani ya dakika 15 hivi.

Kuna upande wa pili. Punje zilizokaangwa jana zina hewa nyingi kupita kiasi, na maji ya moto yanapozimwagikia yanasukumwa pembeni kabla hayajachukua ladha. Ziache zipumzike siku 3 hadi 7 kabla ya kuzipika kwa karatasi ya kuchujia au birika, na siku 7 hadi 14 kwa espreso. Kwa hiyo kahawa mpya kabisa si lazima iwe tamu kabisa, na hakuna haja ya kufungua pakiti siku uliyoinunua.

Ni nini hasa kinachoharibika?

Mambo matatu, na hayaendi kwa mwendo mmoja.

La kwanza ni harufu. Kahawa ina mamia ya viambata vya harufu, na vile vyepesi kabisa, vinavyoleta utamu wa maua, matunda na mkate wa moto, hutoroka au kubadilishwa na oksijeni kwanza. Kwenye kahawa iliyosagwa na kuachwa wazi mezani, mtu aliyezoea atatambua tofauti ndani ya saa moja.

La pili ni mafuta. Kahawa aina ya arabika, kama ile ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga, ina mafuta karibu asilimia 15 ya uzito wake. Robusta ya Kagera inayo kiasi cha asilimia 10. Mafuta hayo yakikutana na oksijeni huchacha, kama yanavyochacha mafuta ya karanga, ila kazi hii huchukua wiki nyingi kwenye punje. Hapo ndipo unapopata ladha ya boksi la karatasi au ya karanga zilizokaa, inayobaki ulimini baada ya kumeza.

La tatu ni unyevu. Kahawa inatoka kwenye kikaango ikiwa kavu kabisa, na maji asilimia 2 au 3 tu, kwa hiyo ina kiu. Itanyonya unyevu wowote ulio hewani, na pamoja nao harufu ya vitu vya jirani. Unyevu huo huharakisha yale mawili ya kwanza.

Pakiti yangu imeandikwa tarehe ya mwisho ni mwaka kesho. Kwa nini nyinyi mnasema wiki?

Tarehe ile ni ya pakiti iliyofungwa. Kiwanda kimetoa hewa, au kimeweka naitrojeni mahali pake, na oksijeni iliyobaki ni kidogo. Ukikata tu mfuko, hewa yenye oksijeni asilimia 21 inaingia na ahadi ya ile tarehe inakwisha. Kuanzia hapo kalenda yako ni ile ya jibu la kwanza. Andika kwa kalamu juu ya mfuko tarehe uliyofungua. Ni kazi ya sekunde tano, na ndiyo taarifa pekee itakayokusaidia baadaye.

Tafuta pia tarehe ya kukaangwa. Wakaangaji wadogo wengi huiandika, viwanda vikubwa mara nyingi haviandiki. Punje zilizokaangwa miezi 8 iliyopita, hata zikifunguliwa leo, zimeshamaliza sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi yake. Hazitakupa wiki 3. Zihesabie siku 7 hadi 10.

Na ile kahawa iliyosagwa inayouzwa ikiwa ngumu kama tofali ndani ya pakiti isiyo na hewa? Ugumu huo si ushahidi wa upya. Kahawa iliyosagwa leo ikifungwa hivyo mara moja itatoa kaboni dioksaidi na mfuko utavimba. Kwa hiyo kiwandani huachwa kwanza ipumue, na sehemu ya harufu huondoka na ile hewa kabla hata pakiti haijafungwa. Ukishaifungua, siku zake ni zile zile za kahawa yoyote iliyosagwa.

Kile kitundu kidogo mbele ya mfuko ni cha nini?

Ni vali ya njia moja. Inaruhusu kaboni dioksaidi itoke bila kuruhusu hewa ya nje iingie, na bila hiyo mfuko wa punje zilizokaangwa karibuni ungevimba au kupasuka. Vali haisaidii chochote ikiwa mdomo wa juu umeachwa wazi au umekunjwa ovyo. Na tafadhali usibonyeze mfuko kila siku ili unuse: kila mbonyezo unatoa hewa iliyokuwa inailinda kahawa.

Naomba mfano kamili. Nina pakiti mbili za gramu 250, moja ya punje na moja iliyosagwa. Nianze na ipi?

Anza na iliyosagwa, na usifungue ya punje mpaka ile imekwisha.

Tuseme zote mbili ni arabika ya Kilimanjaro, kaango la kati, zimekaangwa siku ile ile, na zile za pakiti ya pili zilisagwa dukani siku uliyonunua. Nyumbani Arusha mnakunywa vikombe viwili kwa siku, gramu 15 kila kikombe, jumla gramu 30. Kila pakiti itawatosha siku 8. Mkianza na iliyosagwa, mtaimaliza siku moja tu baada ya ubora wake kuisha. Siku ya 9 mnafungua punje, na siku ya 16 mnamaliza huku bado ziko ndani ya wiki zake nzuri. Karibu hakuna gramu iliyopotea ladha bure.

Sasa badilisha hali. Mnywaji ni mmoja, kikombe kimoja kwa siku, gramu 15. Pakiti iliyosagwa sasa inachukua siku 16. Siku 3 za kwanza ataonja uchachu mtamu na harufu ya matunda. Kati ya siku ya 4 na ya 7 uchachu bado upo lakini harufu imekwisha kushuka, na povu la juu anapomwaga maji limekuwa dogo. Kuanzia siku ya 8 vikombe vyote vitafanana: uchungu mbele, maji nyuma. Kuanzia siku ya 12 hivi, pwani, ile ladha ya boksi inaanza kuingia. Nusu ya pakiti imenywewa ikiwa imeshafifia.

Mtu huyo huyo akiwa na pakiti ya punje, siku ya 16 bado anakunywa kahawa yenye harufu. Tofauti haikuletwa na aina ya kahawa wala bei. Imeletwa na kasi ya unywaji wake ikilinganishwa na maisha ya kile alichonunua. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni chombo gani kizuri, gawanya uzito wa pakiti kwa gramu unazotumia kwa siku. Jibu likizidi 7 na kahawa imesagwa, pakiti ni kubwa mno kwako. Jibu likizidi 21 na ni ya punje, vivyo hivyo.

Kama huna mizani, kijiko kikubwa cha kulia kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hivi za kahawa iliyosagwa, kwa hiyo vijiko 3 ni kikombe kimoja kikubwa.

Nitajuaje kama kahawa yangu imeshafifia?

Pima kwa maji. Weka gramu 15 za kahawa iliyosagwa kwenye chujio au kikombe, umwagie gramu 40 hivi za maji yaliyochemka na kutulia kama nusu dakika, kisha tazama kwa sekunde 40. Kahawa mpya itavimba kama andazi na kutoa mapovu, kwa sababu kaboni dioksaidi iliyobaki inatoka. Iliyofifia italowa tu na kutulia kama tope. Ukiwa na punje, saga hizo 15 papo hapo kwanza, ili upime punje zenyewe.

Kipimo hiki kina mipaka. Robusta na kaango jeusi huvimba zaidi kuliko arabika ya kaango jepesi, kwa hiyo usilinganishe kahawa mbili tofauti. Linganisha kahawa ile ile siku uliyoifungua na siku ya leo.

Baada ya hapo onja ikiwa imepoa kidogo, si ya moto sana. Moto huficha kasoro. Kikombe kilichopoa kikileta ladha ya karatasi au mafuta ya zamani, mafuta yamechacha na hakuna namna ya kuyarudisha.

Kwa wenye mashine ya espreso kuna dalili ya mapema zaidi. Kwa saga ile ile na uzito ule ule, kikombe kilichokuwa kikijaa kwa sekunde 28 kinaanza kujaa kwa 22, na ile krima ya juu inakuwa nyembamba na kuvunjika haraka. Hewa iliyokuwa ikiyazuia maji imepungua. Ukiwa na punje unaweza kusaga laini kidogo zaidi na kurudisha muda. Ukiwa na iliyosagwa huna la kufanya, na hili ni pungufu jingine la kununua kahawa iliyosagwa ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Nitumie chombo gani?

Mfuko wake wenyewe, kama ni mzito, una vali na una zipu au unaweza kukunjwa, ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Kila ukimaliza, kunja mdomo kuelekea chini mpaka kwenye kahawa hewa itoke, kisha bana kwa kibanio. Mfuko unapungua kadiri kahawa inavyopungua. Mtungi haupungui.

Hapo ndipo watu wanapokosea na mitungi mikubwa ya kioo. Ukiweka gramu 250 za punje kwenye mtungi wa lita moja, siku ya kwanza zinajaza sehemu kubwa yake. Siku ya 12 zimebaki gramu 60, na zaidi ya robo tatu ya mtungi ni hewa inayobadilishwa kila unapofungua. Kahawa ya mwisho, ambayo ndiyo iliyozeeka zaidi, ndiyo inayopata oksijeni nyingi zaidi. Ni bora mitungi midogo mitatu ya robo lita iliyojazwa hadi juu: fungua mmoja, mingine ibaki imefungwa. Kwa kahawa iliyosagwa jambo hili ni muhimu mara mbili, kwa sababu kila dakika ya kifuniko wazi inaigharimu zaidi.

Kioo kiwekwe kabatini, si dirishani. Kopo la bati au la chuma cha pua linafaa likiwa na mpira kwenye kifuniko. Kopo la plastiki lililowahi kuwa na bizari au vitunguu saumu lisitumike, hata ulioshe namna gani. Rafu iliyo juu ya jiko la gesi au kando ya friji pia haifai: kwa makadirio ya jumla, kila joto likiongezeka nyuzi 10 mabadiliko ya kikemia hukaribia kwenda kwa kasi maradufu.

Je, niiweke kwenye friji?

Hapana. Ndani ya friji ya kawaida kuna unyevu na kuna harufu za samaki, maziwa na vitunguu. Kila unapolitoa kopo baridi na kulifungua kwenye hewa yenye joto, matone madogo ya maji yanatua juu ya kahawa. Ukifanya hivyo kila asubuhi, unailowesha kidogo kidogo. Iliyosagwa hushika mabonge baada ya siku chache.

Na friza?

Friza ni jambo jingine, na ikitumiwa vizuri ni njia bora ya kuhifadhi kahawa ya ziada kwa miezi. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, oksijeni inafanya kazi taratibu sana na harufu haitoroki kwa urahisi. Lakini ifanye hivi.

Gawa punje kwenye mafungu unayomaliza kwa wiki moja, kwa mfano gramu 100 kwa mtu wa kikombe kimoja. Tia kila fungu kwenye mfuko mzito wa zipu, kamua hewa yote, funga, kisha tia mfuko huo ndani ya mwingine. Andika tarehe. Ukihitaji, toa fungu moja na uliache mezani bila kulifungua mpaka lifikie joto la chumba, saa 3 au usiku mzima. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa utageuka maji juu ya punje papo hapo. Likishafunguliwa lisirudi friza. Lihesabie wiki 2.

Kahawa iliyosagwa nayo inaweza kugandishwa kwa utaratibu huo huo, ila mafungu yawe madogo, ya siku 3 au 4, kwa kuwa likifunguliwa linazeeka kwa kasi ile ile ya awali. Friza inasimamisha saa, hairudishi nyuma.

Umeme ukikatika usiwe na wasiwasi kama wa nyama. Kahawa ina maji machache mno kiasi kwamba kupanda na kushuka kwa joto hakuivunji, mradi mfuko haujafunguliwa.

Naishi pwani. Kuna tofauti na mtu wa Arusha au Nairobi?

Ipo, na ni kubwa kwa kahawa iliyosagwa. Mombasa, Unguja, Tanga au Dar es Salaam msimu wa masika, hewa ina unyevu mwingi na joto halishuki sana hata usiku. Kahawa iliyosagwa ikiachwa kwenye sahani usiku kucha, asubuhi utaiona imeshikana ukiibonyeza kwa vidole. Huko nyanda za juu penye baridi na hewa kavu zaidi, kahawa ile ile itakusamehe.

Kwa pwani, chukua upande wa chini wa vipimo vyetu: punje wiki 2, iliyosagwa siku 3 hadi 4. Kijiko kiwe kikavu kabisa, na usichote kahawa juu ya sufuria au birika linalochemka, kwa sababu mvuke unaingia moja kwa moja kwenye kopo. Kosa hili dogo huharibu kahawa nyingi kuliko tarehe.

Kahawa chungu yenye tangawizi na iliki nayo inahitaji punje mpya?

Tangawizi na iliki zinaweza kufunika harufu iliyopungua, ndiyo maana kahawa ya birika huvumilia kahawa ya wiki mbili bila mtu kulalamika. Hazifuniki mafuta yaliyochacha. Kahawa hii huchemshwa muda mrefu na kunywewa bila sukari, pengine na kashata au tende pembeni, na uchungu wa mafuta ya zamani hukaa kooni.

Tatizo kubwa ni ile iliyouzwa ikiwa imeshasagwa pamoja na viungo. Ni laini sana, na iliki iliyosagwa nayo hupoteza harufu upesi nje ya ganda lake. Vitu viwili vinavyofifia haraka vimewekwa kwenye kopo moja. Hifadhi kahawa na viungo kando, twanga iliki na tangawizi siku ya kupika, na kahawa uitwange au kuisaga wakati huo huo.

Sina mashine ya kusagia. Ninunue iliyosagwa tu?

Si lazima. Kinu na mchi vinafanya kazi: weka punje vijiko viwili kwa wakati mmoja, ponda kwanza kwa kubonyeza ili zisiruke, kisha twanga. Pitisha kwenye chujio la chai, kinachobaki juu kirudi kinuni. Kwa kahawa ya kuchemsha hilo linatosha kabisa.

Kikombe cha kusagia viungo cha blenda pia kinafaa kwa gramu 20 hadi 30. Bonyeza kwa vipande vya sekunde 3 hadi 5, tikisa kati ya kila kimoja, jumla isizidi sekunde 25. Ukiiacha iende mfululizo, visu vinapata moto na harufu inachemkia humo ndani, na utapata vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja. Kama kikombe hicho kilisaga pilipili manga jana, saga kijiko cha mchele mkavu kwanza, kitupe, kisha futa.

Ukipata fedha ya kuongeza, nunua kinu kidogo cha mkono chenye meno ya kusagia, si visu. Kina skrubu ya kurekebisha ukubwa wa chembe, na kwa mnywaji wa kikombe kimoja au viwili kinatosha.

Ukilazimika kununua iliyosagwa, mwambie muuzaji akusagie gramu 100 tu, au agawe gramu 250 kwenye mifuko miwili na kuifunga yote. Mwambie pia unapikia nini: kusaga laini kuliko unavyohitaji ni kuipunguzia siku zake bila faida.

Punje zangu ni mpya lakini kikombe kina ladha ya zamani. Kwa nini?

Angalia kinu. Kila kinu hubakiza unga katikati ya meno na kwenye mfereji wa kutokea, pengine gramu 1 hadi 3, na unga huo ni kahawa iliyosagwa ya jana au ya wiki iliyopita. Unatoka na kikombe chako cha leo. Mafuta nayo hujipaka kwenye meno na kuchacha hapo hapo. Fungua kinu kila wiki, piga mswaki mkavu, futa chombo cha juu kwa kitambaa. Meno ya chuma yasioshwe kwa maji isipokuwa mtengenezaji ameruhusu, kwa sababu yatashika kutu. Kama hujakitumia siku nyingi, saga gramu 3 za punje na uzitupe kabla ya kusaga za kunywa.

Kaango jeusi linadumu kama kaango jepesi?

Hapana. Punje zilizokaangwa mpaka zikang'aa mafuta zimeshakuwa laini, zina matundu mengi, na mafuta yako nje yakikutana na hewa tangu siku ya kwanza. Punguza wiki moja kwenye hesabu ya punje. Kaango jepesi, kama la kahawa ya Saudia inayochemshwa na iliki, lina punje ngumu zaidi na huvumilia muda mrefu zaidi.

Kahawa ya zamani ina madhara?

Ikiwa imebaki kavu, hapana. Imepoteza ladha tu. Ikiwa imelowa, ina mabonge yenye nywele nyeupe au ya kijani, au inanuka uvundo, hiyo ni kuvu, na kopo lote litupwe. Usichague sehemu safi.

Kahawa ya kuyeyuka papo hapo, kama ile inayotengenezwa Bukoba, haimo kwenye hesabu hizi. Hiyo imeshapikwa na kukaushwa, hudumu miezi baada ya kufunguliwa, na adui yake mkubwa ni kijiko chenye maji.

Nimechelewa, nina gramu 150 zilizosagwa za wiki tatu. Nizitupe?

Onja kwanza. Kama hakuna ladha ya mafuta yaliyochacha, loweka gramu 80 kwenye lita moja ya maji ya kawaida, funika, weka kwenye friji saa 14 hadi 16, kisha chuja mara mbili kwa kitambaa safi. Maji baridi huchota uchungu kidogo, na kahawa iliyopungua harufu hunyweka vizuri hivyo, hasa ikiongezwa maziwa. Imalize ndani ya siku 4. Kiasi kinachobaki pika kwa tangawizi. Kama ladha ya boksi imeshaingia, peleka zote kwenye shimo la mboji.